Umeuza etha ipi? Namna Uingereza inavyooanisha manunuzi na mauzo ya sarafu za kidijiti

Mtu aliyenunua etha nne mwaka 2023 na nyingine mbili mwaka 2024, kisha mwaka 2025 akauza tatu, ameuza zipi kati ya zile sita? Swali hili linaweza kuonekana la kipuuzi, kwa kuwa etha moja haitofautiki na nyingine kama shilingi isivyotofautika na shilingi, na pochi ya kidijiti haiandiki kwamba hii ni ya Mei na ile ni ya Februari. Lakini kodi ya ongezeko la mtaji hutozwa juu ya faida, na faida ni tofauti kati ya ulichopokea na ulichotoa. Ulichotoa hakijulikani mpaka ijulikane umeuza fungu lipi. Kila nchi inayotoza kodi ya namna hii imelazimika kuweka kanuni ya kujibu swali hilo, na kanuni hizo hazifanani.

Marekani, kwa mfano, huhesabu kwamba kilichonunuliwa mwanzo ndicho kilichouzwa mwanzo, isipokuwa pale mwenye mali alipotambulisha kabla ya mauzo kwamba anauza fungu fulani. Kenya, chini ya kodi ya mali za kidijiti iliyoanza tarehe 1 Septemba 2023, haikuwa na haja ya swali hili hata kidogo, kwa sababu ilitoza asilimia 3 ya thamani yote ya mauzo bila kujali ulinunua kwa kiasi gani. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2025 na nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa asilimia 10 juu ya ada zinazotozwa na watoa huduma. Tanzania nayo tangu Julai 2024 hukata asilimia 3 ya malipo ya uhamisho. Ndiyo maana Waswahili wengi waliohamia Uingereza, wakiwa wamezoea kodi inayokatwa juu kwa juu, hupigwa na butwaa wanapotakiwa na mamlaka ya mapato ya huko, HMRC, kueleza faida ya mwaka mzima, muamala kwa muamala.

Makala hii inashughulikia kanuni ya Uingereza peke yake, kwa kuwa ndiyo yenye mitego mingi zaidi na ndiyo isiyoeleweka kirahisi kwa mtu anayeitazama kwa akili ya kawaida.

Uingereza haikutunga kanuni mpya kwa ajili ya sarafu za kidijiti, bali ilichukua ile iliyokuwapo kwa hisa za makampuni, katika Sheria ya Kodi ya Faida za Mali ya mwaka 1992. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, kila unapouza unatafuta mwenzi wa kile ulichouza katika sehemu tatu, na kwa utaratibu usiobadilika. Kwanza unatazama kama umenunua sarafu ya aina ileile siku hiyohiyo, na kama umenunua, manunuzi hayo ndiyo yanayooanishwa na mauzo, hata kama ulinunua saa tatu baada ya kuuza. Kikibaki kitu hakijapata mwenzi, unatazama siku 30 zinazofuata mauzo. Manunuzi yoyote ya sarafu ileile ndani ya siku hizo yanaoanishwa na mauzo yaliyotangulia, ukianza na yaliyo karibu. Kikibaki tena, ndipo unapoingia kwenye akiba yako ya zamani, ambayo sheria inaiita kwa namba ya kifungu chake, 104, nami nitaiita kapu.

Kapu hili ndilo kiini cha mambo. Sarafu zote za aina moja ulizonunua zamani humwagwa humo pamoja na gharama zake, na tangu hapo hakuna etha ya Mei wala ya Februari. Kuna idadi moja na gharama moja. Ukichota theluthi ya idadi, unachota pia theluthi ya gharama. Etha zina kapu lake, bitkoini zina lake, solana zina lake, na hayachanganywi. Lakini etha zako zote zinaingia kapu moja hata kama zimetawanyika katika masoko matatu na pochi mbili, kwa maana kapu ni la mtu, si la akaunti. Kuhamisha sarafu kutoka akaunti yako moja kwenda nyingine si kuuza, na hakubadilishi chochote katika kapu, isipokuwa kile kipande kidogo ulicholipia ada ya mtandao, ambacho kimekwisha kuondoka mikononi mwako.

Hatua ya kutazama siku 30 za mbele ndiyo inayowashangaza watu, na wana haki ya kushangaa, kwa kuwa inaoanisha mauzo na kitu ambacho siku ya kuuza hakikuwa bado kimenunuliwa. Asili yake ni ya zamani. Wenye hisa walikuwa wakiuza jioni na kununua tena hisa zilezile asubuhi ya pili, si kwa nia ya kuachana nazo bali kwa nia ya kuandika hasara au kutumia msamaha wa mwaka, yaani kile kiasi cha faida kisichotozwa kodi kila mwaka. Mwaka 1998 mlango huo ulifungwa kwa kusema kwamba anayeuza na kurudi kununua ndani ya siku 30 atahesabiwa kana kwamba aliuza kile alichokirudia. Kwa wafanyabiashara wa kripto, ambao huuza na kununua kila wiki, kanuni iliyokusudiwa kuzuia hila ya wachache imekuwa sehemu ya hesabu ya kila siku.

Sasa tuichukue hesabu kamili. Tuseme kuna muuguzi anayeishi Birmingham, mshahara wake ni pauni 38,000 kwa mwaka, na hana mali nyingine aliyoiuza. Bei nitakazozitaja ni za mfano, nimezipanga ili hesabu iwe nyepesi, na zote zimekwisha kujumuisha au kuondoa ada za soko. Ada inayolipwa wakati wa kununua huongezwa kwenye gharama, na inayolipwa wakati wa kuuza hupunguzwa kwenye mapato.

Tarehe 10 Mei 2023 alinunua etha 4 kwa pauni 5,600. Tarehe 12 Februari 2024 akanunua etha 2 kwa pauni 4,000. Hakuuza chochote katika miaka hiyo. Kwa hiyo mwaka wa kodi wa 2025/26 ulipoanza tarehe 6 Aprili 2025, kapu lake la etha lilikuwa na etha 6 zenye gharama ya pauni 9,600, yaani pauni 1,600 kwa kila etha. Ile bei ya 1,400 aliyonunulia mwanzo na ile ya 2,000 aliyonunulia baadaye zimekwisha kuyeyuka katika wastani huo, na hazitarudi tena kwenye hesabu.

Tarehe 14 Julai 2025 aliuza etha 3 na akabaki na pauni 6,570 baada ya ada. Bei ikaendelea kupanda, akajuta, na tarehe 1 Agosti akanunua etha 1 kwa pauni 2,700. Kati ya tarehe hizo mbili ni siku 18.

Siku ya mauzo hakununua etha, basi hatua ya kwanza haina kitu. Hatua ya pili inaikuta etha ya tarehe 1 Agosti, na etha hiyo inakuwa mwenzi wa moja kati ya zile tatu zilizouzwa. Mapato ya etha moja ni 2,190, gharama yake ni 2,700, na hapo kuna hasara ya pauni 510. Etha 2 zilizobaki zinachotwa kwenye kapu. Mapato yake ni 4,380, gharama yake ni 3,200, na faida ni pauni 1,180. Ukijumlisha, mauzo ya Julai yamezaa faida ya pauni 670, na kapu limebaki na etha 4 zenye gharama ya pauni 6,400.

Hapa inafaa kutua kidogo. Ile etha ya Agosti haikuingia kwenye kapu kamwe. Ilipita pembeni, ikaenda moja kwa moja kuoana na mauzo ya Julai. Kama asingeinunua, etha zote 3 zingetoka kwenye kapu kwa gharama ya 4,800, na faida ingekuwa pauni 1,770. Manunuzi ya Agosti yamepunguza faida ya mwaka huu kwa pauni 1,100, lakini kiasi hicho hakikupotea hewani. Etha iliyobaki badala yake katika kapu ina gharama ya 1,600 badala ya 2,700, kwa hiyo pauni 1,100 hizo zinamsubiri siku atakapoiuza.

Linganisha pia na kanuni ya kuanza na cha mwanzo. Kwa kanuni hiyo etha 3 zingetolewa katika zile 4 za Mei 2023, kwa gharama ya 1,400 kila moja, na faida ingekuwa pauni 2,370. Mauzo ni yaleyale na fedha ni zilezile, ila faida imezidi mara tatu na ushei. Nimeona kwa macho yangu taarifa ya mwaka iliyochapishwa na soko la kripto ikiwa imehesabiwa kwa kanuni hiyo ya Kimarekani, na mwenye nayo akiwa amekwisha kuinakili kwenye fomu yake ya kodi ya Uingereza, akiamini kwamba hesabu ya soko haiwezi kukosea. Haikuwa na kosa la kujumlisha hata moja, ila ilikuwa hesabu ya nchi nyingine. Anayetumia programu ya kuhesabu kodi ya kripto aanze kwa kufungua mipangilio na kuthibitisha kwamba nchi iliyochaguliwa ni Uingereza. Kisha achukue muamala mmoja wenye manunuzi ndani ya siku 30, auhesabu kwa kalamu, na kuona kama majibu yanalingana.

Tuendelee na muuguzi wetu. Tarehe 9 Oktoba 2025, asubuhi, alinunua etha 1 kwa pauni 3,200. Jioni yake, baada ya kuzungumza na rafiki, alibadilisha etha 4 kwa solana 80. Hakuna pauni iliyoingia benki, na hapa ndipo wengi wanapoteleza wakidhani kwamba hakuna kilichouzwa. Kwa HMRC, kubadilisha sarafu moja kwa nyingine ni kuuza ya kwanza na kununua ya pili, na bei yake ni thamani ya soko kwa pauni wakati ule wa kubadilishana. Vivyo hivyo kubadilisha etha kwa sarafu iliyofungamanishwa na dola ni kuuza etha. Tuseme thamani ya mabadilishano hayo ilikuwa pauni 13,000, yaani 3,250 kwa kila etha.

Etha 1 ya asubuhi inaoana na moja ya jioni kwa kanuni ya siku hiyohiyo, na faida yake ni pauni 50. Katika siku 30 zilizofuata hakununua etha nyingine. Kwa hiyo etha 3 zilizobaki zinatoka kwenye kapu kwa gharama ya 4,800 na mapato ya 9,750, faida pauni 4,950. Jumla ya siku hiyo ni faida ya pauni 5,000. Kapu la etha sasa lina etha 1 yenye gharama ya 1,600, na limezaliwa kapu jipya la solana lenye solana 80 na gharama ya pauni 13,000.

Kufikia hapo faida yake ya mwaka ni pauni 5,670. Msamaha wa mwaka, ambao hadi 2022/23 ulikuwa pauni 12,300, ulishuka hadi 6,000 mwaka uliofuata na kuanzia 2024/25 ni pauni 3,000 tu. Amevuka. Lakini solana imeshuka bei, naye anajua kwamba hasara hupunguza faida. Tarehe 20 Januari 2026 anauza solana zote 80 kwa pauni 9,900. Kwa hesabu ya haraka amepata hasara ya pauni 3,100, faida ya mwaka imeshuka hadi 2,570, na hana kodi.

Mpaka hapo yuko sahihi. Kosa linakuja tarehe 2 Februari, siku 13 baadaye, anapoona bei inaanza kupanda na kununua tena solana 80 kwa pauni 10,300. Kwa kitendo hicho kimoja hesabu ya Januari inabadilika yote. Solana zilizouzwa hazitoki tena kwenye kapu lenye gharama ya 13,000. Zinaoanishwa na zile za Februari, mapato 9,900 dhidi ya gharama 10,300, na hasara inayotambuliwa ni pauni 400 badala ya 3,100. Faida ya mwaka inakuwa 5,270. Ukitoa msamaha wa 3,000, inabaki pauni 2,270 ya kutozwa kodi. Kwa kuwa mshahara na faida yake vikijumlishwa haviufikii mpaka wa pauni 50,270 ambapo kiwango cha juu huanza, anatozwa asilimia 18, yaani pauni 408.60. Aliye juu ya mpaka huo angetozwa asilimia 24. Viwango hivi viwili vilianza tarehe 30 Oktoba 2024. Kabla ya hapo vilikuwa asilimia 10 na 20.

Angefanyaje? Siku 30 huhesabiwa kuanzia kesho yake ya mauzo, basi tarehe 21 Januari ndiyo siku ya kwanza na tarehe 19 Februari ndiyo ya thelathini. Angesubiri hadi tarehe 20 Februari, hasara yake ya 3,100 ingesimama, na bado angekuwa ndani ya mwaka uleule wa kodi unaokwisha tarehe 5 Aprili. Kusubiri kuna gharama yake, kwa sababu bei ya solana inaweza kupanda katika siku hizo kuliko kodi anayoikwepa, na sidhani kuna mtu anayeweza kumwamulia mwenzake hilo. Ninachosema ni kwamba uamuzi ule ufanywe kwa kujua, si kugunduliwa Januari ya mwaka unaofuata. Tena hasara yenyewe haijafutwa. Kapu la solana linabaki na gharama yake ya zamani ya 13,000 kana kwamba mauzo ya Januari na manunuzi ya Februari hayakugusana nalo, na siku atakapouza bila kurudi, hasara iliyofichika itajitokeza.

Kuna jambo moja la kisheria linaloandamana na hili. Hasara haihesabiki kwa kuwa imetokea. Inahesabika kwa kuwa umeidai kwa HMRC, na muda wa kuidai ni miaka minne tangu mwisho wa mwaka wa kodi ilipotokea. Mtu aliyepoteza fedha nyingi mwaka 2022, akanyamaza kwa kuona hakuna cha kulipa, ameacha kitu ambacho kingemfaa alipokuja kupata faida.

Kuhusu makosa ya hesabu yenyewe, yapo mawili ninayoyaona kuwa ya hatari zaidi. La kwanza ni historia iliyokatika. Ulinunua katika soko A, ukahamishia soko B, ukauzia huko. Ukiipa programu faili la soko B peke yake, inaona etha zikiingia bila bei, na ama inaziandika kuwa zilinunuliwa kwa sifuri, na faida inavimba, ama inaziandika kwa bei ya siku ya kuhama, na faida inakosewa kwa namna isiyoonekana kwa urahisi. Dawa yake ni kulinganisha. Mwisho wa kila mwaka wa kodi, idadi iliyoandikwa katika kila kapu lazima ilingane na idadi iliyopo kweli katika pochi na akaunti zako zote. Kwa muuguzi wetu, alinunua etha 8 tangu mwanzo na ameachia 7, na katika pochi kuna 1. Kapu nalo lina 1. Kama pochi ingeonyesha 1 na kapu 3, kuna mauzo yasiyoandikwa. Ikiwa kapu lina pungufu, kuna manunuzi yaliyosahaulika.

La pili ni la dola. Masoko mengi huandika miamala kwa dola, na mtu huhesabu faida kwa dola kisha huigeuza kuwa pauni mara moja mwishoni. Hesabu hiyo si sahihi. Gharama inageuzwa kwa kiwango cha siku ya kununua na mapato kwa kiwango cha siku ya kuuza, kila kimoja peke yake, kwa kuwa kapu lenyewe ni la pauni. Kama pauni imepanda au kushuka kati ya siku hizo mbili, inaweza kutokea ukawa na faida kwa dola na hasara kwa pauni.

Fomu ya kodi ya mwaka 2024/25 ndiyo ya kwanza kuwa na sehemu maalumu ya sarafu za kidijiti katika kurasa za faida za mali. Kwa mwaka wa mfano wetu, fomu ya mtandaoni na malipo yanatakiwa kufika kabla ya tarehe 31 Januari 2027 kupita, na asiyewahi kujisajili anapaswa kufanya hivyo kufikia tarehe 5 Oktoba 2026. Masoko nayo yameanza kukusanya taarifa za wateja tangu tarehe 1 Januari 2026, na yatazipeleka HMRC kwa mara ya kwanza kufikia tarehe 31 Mei 2027. Taarifa hizo zitakuwa na jumla za manunuzi na mauzo kwa kila aina ya sarafu, lakini hazitakuwa na kapu lako, kwa maana hakuna soko linaloyajua manunuzi uliyoyafanya kwingine. Kapu ni lako kulitunza. Kwa muuguzi wa Birmingham, ukurasa wa tarehe 6 Aprili 2026 unafunguliwa kwa mistari miwili: etha 1, gharama pauni 1,600, solana 80, gharama pauni 13,000.